Lojo ni ya nani kama makuta haiyafika?

Mu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kuko vijana wengi ambao baba yao alitumika ku Jekamini, na kaka yao angali mu mine mpaka leo, lakini wao wanatafuta mukate na ordinateri. Wanachora lojo, afishi za usalama, pano za barabarani, na maandishi ya kubandika ku kamioni na ku kombinezo. Kliya wao, ni kusema wenye kuagiza kazi, ni kampuni za su-tretansi, koperative za wachimbaji, maduka na makanisa. Hawana patro wala mushahara wa mwezi. Wanatumika kazi moja, wanalipwa, wanatafuta ingine.

Mara nyingi kazi ya namna hiyo inafikaka na kontra ya kurasa tatu ao ine, mu Kifaransa kigumu. Kijana anasoma bei, anasoma tarehe, anatia saini. Paragrafu inayoitwa sesio ya drua doteri, ni kusema kuhamisha haki za mutungaji, anairuka, juu anaona ni maneno ya avoka. Sisi tunaona kwamba paragrafu ile njo yenye uzito kuliko bei. Ndani yake munaandikwa siku gani kazi inatoka mu mikono ya mwenye kuichora. Na mu kontra nyingi zinazozunguka huku kwetu, siku ile ni siku ya kutia saini, mbele hata makuta ya kwanza haiyaingia. Hiyo ni mbaya, na haifai kuendelea.

Tuanze na sheria. Mu Congo, haki za mutungaji zinaongozwa na Ordonansi-Loa nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na inchi yetu ni memba wa Mapatano ya Berne. Mapatano ile inasema haki inazaliwa pamoja na kazi. Hakuna fasi ya kwenda kuandikisha kwanza. Siku kijana anamaliza kuchora lojo, ni yeye mwenye haki, hata kama wazo la kuiagiza lilitoka kwa mwingine. Kulipa fakture peke yake hakuhamishe haki ile. Inahama kwa maandishi yenye saini, na inahama kadiri maandishi yanavyosema.

Wachimbaji wataelewa hii bila shida. Mutu akiuza mifuko kumi ya minerai, hauze shimo lote. Na akimuruhusu mwenzake kuchimba kwa miezi mitatu, bado hakumupa shimo. Ku kazi ya kuchora vilevile kuko njia mbili. Ya kwanza ni lisansi, ni kusema ruhusa: kliya anatumia kazi kwa muda na fasi mulizopatana, lakini haki inabaki kwa mutungaji. Ya pili ni sesio: haki ya kutumia kazi, kuichapisha na kuiuza inatoka kwa mutungaji na inaingia kwa kliya. Lojo inaomba sesio, juu lojo ni uso wa kampuni, na hakuna mukubwa wa kampuni atakayekubali uso wake ubaki mu mikono ya mutu mwingine. Afishi ya usalama ya kubandika mwaka moja ku mulango wa karieri haiombe hivyo; lisansi ya miaka miwili inatosha, na bei yake inapaswa kuwa ndogo kuliko ya sesio.

Sasa tuchukue mufano, tuufuate hatua kwa hatua. Kampuni moja ya su-tretansi ya usafiri, ku Kolwezi, inaomba kijana lojo na afishi sita za usalama. Wanapatana dola 1 500: lojo 900, na kila afishi 100. Kontra inasema mambo ine. Haki zote zinahama siku ya kutia saini. Kijana anapewa avansi ya dola 300, na 1 200 zinazobaki zitalipwa siku 60 kisha fakture, kama kliya ametosheka. Kijana anatoa garanti juu ya kila kitu, na atalipa hasara yoyote pamoja na avoka. Tena anaacha haki zake zote za morali.

Kijana anatumika mwezi moja na nusu, anatuma fishie zote. Lojo inabandikwa ku kamioni, ku kombinezo, ku karatasi za biro. Siku 60 zinapita. Anaenda kuuliza, wanamujibu kwamba kampuni kubwa ya mine haiyawalipa wao pia, angoje kidogo. Mwezi mwingine unapita. Kisha direkta anabadilishwa, na ule mupya anasema hana habari ya deni hilo.

Kijana anaweza kufanya nini? Kwa kontra aliyotia saini, kamioni zile zinatembea na lojo ambayo si yake tena. Hawezi kusema "ondoeni lojo yangu." Anabaki mutu wa kudai deni ya dola 1 200, kama vile mwenye duka aliyekopesha unga. Anaweza kwenda ku tribinali, ndiyo, lakini atahesabu makuta ya avoka, safari na miezi ya kungoja, na mwisho wengi wanaachaka. Kampuni inajua hiyo.

Tugeuze sasa sentensi moja tu. Kontra iandikwe hivi: "Haki zilizotajwa hapa zinahama kwa kliya siku mutungaji anapokea malipo yote; mbele ya siku ile, kliya hana ruhusa ya kutumia kazi, isipokuwa kuangalia maketi na kuichagua." Deni ni lile lile, dola 1 200. Lakini sasa kamioni zile zinatembea na mali ya mwingine. Kijana anaandika barua moja, anaonyesha sentensi ile, anaomba malipo ao kuondoa lojo. Kampuni inahesabu bei ya kupaka upya kamioni zote na kuchapisha upya karatasi zote, na inaona kwamba kulipa 1 200 ni rahisi zaidi. Nguvu ya kijana haitoke ku kelele. Inatoka ku paragrafu aliyoisoma mbele ya kutia saini.

Nusu ya pili ya sentensi ile isisahauliwe. Mutu akituma fishie safi na kunyamaza wakati kliya anazitumia, tribinali inaweza kuona kwamba alitoa ruhusa. Juu ya hiyo, mbele ya malipo ya mwisho, kijana atume paka maketi: picha ndogo, yenye alama iliyopita katikati, isiyoweza kuchapishwa vizuri. Fishie safi, zile za vektori ambazo mutu anaweza kuzikuza mpaka zienee pano mzima, zibaki kwake mpaka makuta iingie. Na iandikwe waziwazi kama fishie zile ni sehemu ya bei ao hapana, juu kuhamisha haki si kutoa fishie. Ni vitu viwili, na ugomvi mwingi unaanziaka hapo.

Malipo yenyewe yakatwe vipande. Ku mufano wetu wa dola 1 500, tungeshauri 450 ku kutia saini, 450 siku kliya anachagua maketi, na 600 mbele ya kutuma fishie safi. Hivi, kama kazi inakwama katikati, hakuna anayepoteza yote. Kliya akiacha kazi kisha kuchagua, kijana anabaki na 900 juu ya kazi aliyofanya, na haki ya maketi zote inabaki yake, hata zile zilizokataliwa.

Neno "akitosheka" nalo litazamwe. Mwenye kuuza minerai anajua uchungu wa mizani ya negosia: ule anayenunua njo anapima, njo anasema teneri ni ngapi, njo anakata bei. Kontra inayosema "kliya atalipa akitosheka" ni mizani ya namna ile. Hakuna anayejua kutosheka kutafika lini. Pa fasi yake iandikwe hesabu: kliya ana siku 10 za kujibu kisha kupokea maketi, masahihisho mawili yamo ndani ya bei, la tatu linalipwa mbali, siku 10 zikipita bila jibu la maandishi, kazi imekubaliwa. Hapo mizani iko katikati ya meza, na wote wawili wanaiona. Na ile habari ya kungoja kampuni kubwa ilipe kwanza isikubaliwe mu kontra. Kijana hakuuza kitu kwa kampuni kubwa. Deni la su-tretansi ni la su-tretansi.

Tuje ku garanti. Ni haki kliya aiombe. Mutu anayelipa dola 900 juu ya lojo anataka kujua kwamba kesho hakutatokea mwingine kusema "lojo hii ni yangu." Kijana lazima aweze kusema: mimi mwenyewe nilichora, sikuiba, sikuiuza kwa mwingine mbele. Kama hawezi kusema hivyo kwa moyo safi, asichukue kazi.

Lakini garanti inavunjikaka ku vitu vidogo. Cha kwanza ni aina ya herufi. Herufi nyingi zinazopakuliwa bure ku internet zinaruhusiwa paka kwa matumizi ya nyumbani. Kwa biashara zinaomba lisansi ya kulipwa. Kijana asome karatasi inayokuja pamoja na herufi, na aandike mu kontra nani atalipa lisansi ile. Cha pili ni alama zilizo tayari. Kaske, nyundo, kamioni, mulima: mutu akichukua michoro hiyo ku internet na kubadilisha rangi, kampuni kumi ingine zinaweza kuwa nayo, na hawezi tena kuahidi kwamba lojo ni ya huyu kliya peke yake.

Cha tatu kinagusa wasomaji wetu wenyewe. Afishi ya usalama inapenda uso wa mutu: muchimbaji na kaske na taa, ao mama anayeosha minerai. Picha ile ina haki mbili. Kuko haki ya aliyepiga picha, na kuko haki ya mwenye uso. Kijana aliyetoa garanti bila kuomba ruhusa ya mwenye uso atajibu siku ule mutu akiiona picha yake ku pano na kuuliza nani alimuruhusu. Karatasi moja inatosha: jina, saini, picha itatumiwa ku nini, fasi gani, kwa muda gani, na kama kuko malipo ni ngapi. Na wewe unayepigwa picha ku kazi, uombe nakala ya karatasi ile. Kusema "ni juu ya usalama tu" si jibu, juu picha iliyopigwa juu ya usalama inaweza kesho kuuza kaske.

Garanti iwe na mupaka pia. Ku mufano wetu, kijana aliahidi kulipa "hasara yoyote." Kazi ya dola 1 500 inaweza kumuletea deni ya dola 50 000, pamoja na avoka wa kampuni. Hakuna fundi mwenye akili anayejenga ukuta wa nyumba ya mwingine na kuweka nyumba yake yote kuwa rehani. Iandikwe kwamba kile atakacholipa hakitapita bei aliyopokea, isipokuwa kama aliiba kwa kujua. Na kliya naye atoe garanti juu ya vitu anavyoleta yeye: lojo ya zamani, picha za mine, maandishi. Kama kampuni ilileta picha iliyoibwa, kijana asibebe muzigo huo.

Tubakishe haki za morali, juu hapo njo tunaonaka makosa makubwa zaidi. Haki za morali ni kamba inayofunga mutungaji na kazi yake, mbali na makuta. Mapatano ya Berne, mu kifungu cha 6 bis, inasema kwamba hata kisha kuhamisha haki za makuta, mutungaji anabaki na haki ya kutambuliwa kuwa njo aliyefanya kazi, na haki ya kukataa kazi yake iharibiwe kwa namna inayogusa heshima yake ao jina lake.

Juu ya kuacha haki hizo, inchi hazikufuata njia moja. Ku Uingereza, sheria ya mwaka 1988 inaruhusu mutungaji kuziacha kwa maandishi yenye saini. Ku Ufaransa, sheria inasema haziwezi kuuzwa wala kuachwa. Ku Beljika, kuziacha zote kwa mara moja juu ya siku zinazokuja ni bure. Sheria yetu ilizaliwa mu ukoo huu wa pili. Lakini kampuni nyingi za mine zinatoka mbali, na kontra zao zinatungwa kwanza mu Kiingereza, kisha zinageuzwa mu Kifaransa na kupitishwa kwa su-tretansi. Njo sababu kijana wa Kolwezi anakutana na sentensi "ninaacha haki zangu zote za morali", ambayo ilikatwa ku nguo ya inchi ingine. Asitegemee kwamba tribinali itaifuta siku moja. Aiondoe mbele ya kutia saini.

Pa fasi yake kuweko nini? Tusikilize na kliya, juu naye ana shida ya kweli. Lojo inapaswa kuchapishwa ku kaske na ku kamioni, rangi moja ao tatu, ndogo kama kuta ao kubwa kama nyumba. Kliya hawezi kupiga telefone kila mara kuomba ruhusa, wala kuandika jina la muchoraji ku kila kombinezo. Basi mupatane juu ya vitu vyenye kuhesabika. Kijana anakubali mbele kubadilisha ukubwa, kubadilisha rangi kadiri ya karatasi ya rangi aliyotoa, na kukata lojo kuwa alama peke yake. Anakubali jina lake lisiwe ku lojo, lakini liwe kwa herufi ndogo chini ya afishi. Na anabaki na ruhusa ya kuonyesha kazi ile kwa kliya wengine, kusema "mimi njo niliichora." Kwa kijana asiye na patro, ruhusa hiyo ni sawa na barua ya kazi; bila yake, miaka mitano ya kutumika haina ushuhuda.

Tuongeze neno kwa koperative za wachimbaji, juu wao njo kliya siku ingine. Wazee wa koperative wanalipa kijana makuta mukononi, wanapata lojo ku telefone, hakuna karatasi. Miaka miwili kisha, koperative inataka kuandikisha lojo kuwa marke ku Wizara ya Viwanda, ao mupinzani anaitumia, na hakuna anayeweza kuonyesha kwamba haki ilihama. Kijana anaweza kuwa amehamia Kinshasa ao Zambia. Kontra ya ukurasa moja ingetosha: kazi ni gani, haki zipi zinahama, kwa fasi gani na muda gani, bei, na kwamba zinahama siku ya malipo ya mwisho. Kisha resi ya malipo ile ya mwisho iunganishwe na kontra kwa pini moja, na iwekwe pamoja na karatasi za koperative. Mwenye kulipa vizuri hana sababu ya kuogopa sentensi ile. Kwake njo ushuhuda wa umiliki.

Tunaomba basi vitu viwili vyepesi. Kampuni za su-tretansi zinazopita na kontra moja kwa kila kijana zibadilishe paragrafu ya sesio: haki ihame pamoja na malipo, garanti iwe na mupaka, haki za morali ziheshimiwe. Haiwaongezee hata dola moja ya bei. Na wazazi, ninyi muliozoea kusoma karatasi ya malipo ya mine mustari kwa mustari, muombe mutoto awaletee kontra yake mbele ya kutia saini. Kama Kifaransa ni kigumu, mutafute mwalimu ao avoka wa kusoma pamoja naye. Mutafute paka sentensi moja: haki inahama siku gani? Kama jibu ni "siku ya kutia saini", kalamu ingoje.